Kiima ni nani? Mwongozo wa kumtambua kiima katika lugha za ergativu na zenye mpangilio mchanganyiko

Sisi wa Kiswahili tumezoea kumpata kiima kwa kutazama kiambishi cha mwanzo cha kitenzi. "Juma anasoma vitabu": hiyo a- ni ya Juma, basi Juma ndiye kiima, kazi imekwisha. Lakini hata nyumbani njia hii hukwama. Ukisema "Chumba hiki kinalala watu watatu", ki- ni ya chumba, na wanaolala ni watu. Ukiulizwa kiima ni kipi, utasita kidogo kabla ya kujibu, na kusita huko kuna sababu: upatanisho wa kisarufi ni tabia moja tu kati ya tabia kadhaa ambazo kwa kawaida humwendea kiima, na tabia hizo si lazima zitembee pamoja.

Katika lugha za ergativu, yaani zile zinazompa mtenda wa kitenzi elekezi alama ya peke yake, tatizo hili linakuwa la kila siku. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulishughulikia hatua kwa hatua, kwa kutumia Kihindi kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho, kisha Kidirbali cha kaskazini-mashariki mwa Kwinslandi, Australia, kwa sababu huko vipimo vinatoa jibu la kinyume kabisa. Mifano ya Kihindi nimeiandika kwa herufi za Kilatini. Irabu iliyorudiwa huvutwa.

Kwanza, weka majina ya wahusika watatu

Usianze kwa kuuliza "kiima kiko wapi?" Anza na majina yasiyobeba hukumu yoyote. Katika sentensi yenye kitenzi kisicho na yambwa, kama "Mohan alianguka", kuna mhusika mmoja. Tumwite mhusika pekee. Katika sentensi yenye kitenzi elekezi kuna wawili: mtenda na mtendwa. Wanaisimu huwaandika kwa herufi S, A na O kwa mpangilio huo, na utakutana nazo kila mahali.

Lugha tulizozizoea, Kiswahili kikiwemo, humweka mhusika pekee upande wa mtenda: "anaanguka" na "anasoma" zina a- ileile. Lugha ya ergativu humweka mhusika pekee upande wa mtendwa, na mtenda ndiye anayebaki peke yake na alama yake. Lugha yenye mpangilio mchanganyiko hufanya hivi mahali pamoja na vile mahali pengine. Kihindi hugawa kwa kufuata hali ya kitenzi: tendo likiwa timilifu, mtenda hupata alama *ne*, lisipokuwa timilifu, hapati kitu.

Raam kitaab parhtaa hai. (Ram husoma kitabu.)
Raam ne kitaab parhii. (Ram alisoma kitabu.)

Tazama mwisho wa kitenzi. *Kitaab* ni nomino ya kike na Raam ni mwanamume. Katika sentensi ya kwanza kitenzi kina -aa ya kiume, kinapatana na Ram. Katika ya pili kina -ii ya kike, kinapatana na kitabu. Msomaji ni yuleyule na kinachosomwa ni kilekile, ila alama zimehama. Je, kiima nacho kimehama? Hilo ndilo swali, na alama zenyewe haziwezi kulijibu.

Pili, chora alama zote kabla ya kupima chochote

Hatua hii inachosha, na wengi huiruka. Usiiruke. Unatakiwa ujue hasa alama zinafuata nini, la sivyo baadaye utadhani umepima kiima kumbe umepima alama.

Tengeneza sentensi ambazo wahusika wake wanatofautiana jinsia, ili upatanisho uonekane. Kisha badilisha kitu kimoja kimoja: hali ya kitenzi, jinsia ya mtenda, jinsia ya mtendwa, mtendwa mwenye alama na asiye nayo. Kwa Kihindi utapata mfululizo kama huu:

Siitaa ne aam khaayaa. (Sita alikula embe, *aam* ni ya kiume, kitenzi ni cha kiume.)
Siitaa ne rotii khaaii. (Sita alikula mkate wa chapati, *rotii* ni ya kike, kitenzi ni cha kike.)
Siitaa ne bacchii ko uthaayaa. (Sita alimbeba mtoto wa kike, kitenzi ni cha kiume!)

Sentensi ya tatu ndiyo inayofichua siri. Sita ni mwanamke, mtoto ni wa kike, na bado kitenzi kimechukua umbo la kiume umoja. Sababu ni kwamba Sita ana *ne* na mtoto ana *ko*, alama anayopewa mtendwa ambaye ni mtu au kitu mahususi. Kitenzi cha Kihindi hakipatani na nomino yenye alama. Humtafuta mtenda asiye na alama. Kikimkosa, humwendea mtendwa asiye na alama. Kikimkosa naye, hukaa katika umbo la kiume umoja kama umbo la akiba.

Kwa hiyo upatanisho wa Kihindi hauulizi "nani kiima?" Unauliza "nani hana alama?" Ukishalijua hili, huwezi tena kuandika kwamba katika sentensi timilifu kitabu ndicho kiima kwa sababu kitenzi kimekifuata. Kama upatanisho ungekuwa ushahidi, basi Sita akimbeba mtoto ingebidi useme sentensi haina kiima kabisa.

Na *ne* yenyewe usiiamini kupita kiasi. *Laanaa*, "kuleta", ni kitenzi elekezi lakini mtenda wake hachukui *ne*: Raam kitaab laayaa. *Chhiinknaa*, "kupiga chafya", hakina yambwa lakini husikika na *ne*: Raam ne chhiinkaa. Andika vitenzi vya namna hii pembeni, maana vinakufaa baadaye.

Onyo jingine ni kwa wanaopenda kudhani kwamba nomino iliyo tupu, bila alama, ndiyo kiima. Katika Kimasai jina katika umbo lake la kutajwa peke yake ndilo umbo la mtendwa. Kiima ndicho kinachobadilishiwa toni. Toni haiandikwi katika maandishi ya kawaida, kwa hiyo asiyesikiliza kwa makini hata hataona kwamba kuna tofauti. Lugha hiyo si ya ergativu, lakini inatosha kukuondolea mazoea ya kuhesabu utupu kama dalili.

Tatu, chagua vipimo vya tabia, na kila kimoja ukikague kabla ya kukitumia

Mwaka 1976 mwanaisimu Edward Keenan alipendekeza kutenganisha sifa za kiima katika mafungu: sifa za alama, kama upatanisho na mahali katika sentensi, na sifa za tabia, yaani namna nomino inavyoendesha mambo nje ya alama zake. Nani anaweza kuachwa bila kutajwa katika kishazi kingine? "-ake" au "mwenyewe" inamrejelea nani? Mwaka huohuo Stephen Anderson alionyesha kwamba lugha nyingi za ergativu zina ergativu ya alama tu. Ukipima tabia, mtenda na mhusika pekee hukaa pamoja kama katika lugha tulizozizoea. Dai hilo ndilo tutakalolipima.

Lakini kipimo hakisafiri kutoka lugha moja hadi nyingine bila kukaguliwa. Ukaguzi wake una maswali mawili.

La kwanza: je, kipimo kinabagua kweli mahali ambapo hakuna ubishi? Kijaribu katika sentensi isiyo na mgawanyiko, yaani ile isiyo timilifu kwa Kihindi. Kama pale hakimchagui mtu mmoja wazi, kitupe.

La pili: je, kinapima kiima au kinapima mtu afanyaye jambo kwa hiari? Amri ni mfano mzuri. "Soma!" humwendea mtenda karibu katika kila lugha, kwa sababu huamrishwi kufanya kisicho mikononi mwako. Amri basi haithibitishi chochote kuhusu sarufi ya lugha fulani. Dawa yake ni kukijaribu kipimo kwa mhusika pekee asiye na hiari: aliyeanguka, aliyeteleza, aliyekufa. Akipita, kipimo hakitegemei hiari.

Kuunganisha sentensi mbili ni kipimo maarufu mno, na kwa Kiswahili hakifai. "Baba alirudi akamwona mama" na "Baba alirudi, mama akamwona" zote ni sahihi, kwa sababu viambishi a- na -m- vinamtaja baba mahali popote alipo. Hakuna pengo, yaani mahali ambapo mhusika ameachwa bila kutajwa, la kupima. Kwa Kihindi nacho ni dhaifu, kwa sababu lugha hiyo huruhusu nomino yoyote inayojulikana kwa muktadha iachwe, mtenda au mtendwa. Kipimo hichohicho tutakikuta Kidirbali kikiwa na nguvu kama panga, kwa hiyo usikidharau. Kitumie tu mahali ambapo pengo lina sheria.

Kwa Kihindi vinavyofaulu ukaguzi vizuri ni viwili: neno *apnaa* na umbo la *-kar*.

Nne, pima kwa *apnaa*

*Apnaa* (hubadilika kuwa *apnii*, *apne* kwa kufuata nomino iliyo mbele yake) ni "-ake mwenyewe". Anza na ukaguzi:

Mohan apne ghar mein giraa. (Mohan alianguka nyumbani kwake.)

Mohan hakuanguka kwa hiari, na *apne* inamrejelea bila shida. Sasa sentensi elekezi isiyo timilifu:

Raam Mohan ko apnii kitaab detaa hai. (Ram humpa Mohan kitabu chake.)

Kitabu ni cha nani? Kiswahili chetu kinaacha utata, Kihindi hakiachi: ni cha Ram. Ukitaka kiwe cha Mohan unasema *uskii*, na *uskii* nayo inamkataa Ram. Hii ni zawadi kwa mpimaji, kwa sababu una maneno mawili yanayogawana kazi. Majibu yake yanapaswa kuwa kinyume, na yasipokuwa kinyume ujue mtoa lugha wako, yaani mzungumzaji unayemhoji, amechoka au hajakuelewa.

Sasa hamia kwenye hali timilifu:

Raam ne Mohan ko apnii kitaab dii. (Ram alimpa Mohan kitabu chake.)

Kitenzi *dii* ni cha kike, kimefuata kitabu. Lakini *apnii* bado ni ya Ram. Upatanisho umehama, *apnaa* haikuhama.

Mkosoaji makini atapinga: hapo Mohan ana *ko*, pengine alama hiyo ndiyo iliyomnyima haki, na kitabu hakiwezi kumiliki kitu. Ana haki ya kupinga. Mpe mtendwa ambaye ni mtu, hana alama yoyote, na anaongoza upatanisho:

Raam ne ek naukraanii apne ghar mein rakhii. (Ram aliajiri mtumishi wa kike nyumbani kwake.)

*Naukraanii*, mtumishi wa kike, hana alama. Kitenzi *rakhii* ni cha kike kwa ajili yake. Kama sentensi timilifu ingekuwa imemhamishia ukiima, hapa ndipo angeonekana. Uliza: nyumba ni ya nani? Ya Ram. Sentensi hii moja ina uzito kuliko kumi zenye vitabu na maembe, na ndiyo aina ya sentensi unayopaswa kuitafuta katika lugha yako: mtendwa aliye binadamu, aliye tupu, mwenye kitenzi mkononi, na bado ananyimwa tabia ya kiima.

Tano, pima kwa *-kar*

Kitenzi chenye *-kar* ni sawa na "baada ya kufanya": *jaakar*, "akiisha kwenda". Hakina kiambishi cha nafsi, kwa hiyo aliyekwenda lazima atafutwe katika kishazi kikuu. Ukaguzi: Mohan phisalkar giraa, "Mohan aliteleza akaanguka". Hakuna hiari, sentensi ni nzuri. Kisha:

Raam ne ghar jaakar Mohan ko daantaa. (Ram alikwenda nyumbani akamgombeza Mohan.)

Hapa nimewaweka wanaume wawili makusudi. Ungeweka Ram na kitabu, akili ya msikilizaji ingemchagua Ram kwa sababu vitabu haviendi nyumbani, nawe ungeandika ushindi usio wako. Wahusika wote wawili wawe na uwezo sawa wa kufanya tendo la pembeni.

Na usimuulize mtoa lugha "Je, sentensi hii ni sahihi?" Atasema ndiyo, na utakuwa hujapata kitu. Muulize "Nani alikwenda nyumbani?" Akijibu Ram, endelea: "Inawezekana kuwa ni Mohan aliyekwenda, Ram akamgombezea huko?" Swali la pili ndilo kipimo. Watu wengi hutoa maana ya kwanza inayowajia, na maana ya pili huwa haitajwi mpaka uiite kwa jina.

Bado kuna mlango mmoja wa kufunga. Labda *-kar* hufuata nomino ya kwanza katika sentensi. Kihindi kinaruhusu kumtanguliza Mohan:

Mohan ko Raam ne ghar jaakar daantaa.

Mohan yuko mbele sasa. Aliyekwenda nyumbani bado ni Ram. Basi si mpangilio wa maneno.

Hadi hapa *apnaa* na *-kar* zinasema jambo moja: mwenye *ne* ana tabia zilezile alizokuwa nazo bila *ne*. Ergativu ya Kihindi iko katika alama, na dai la Anderson limesimama kwa lugha hii.

Kipimo cha tatu ambacho watu hukikimbilia ni kitenzi-jina, kama katika Raam Mohan se milnaa chaahtaa hai, "Ram anataka kukutana na Mohan". Anayeachwa bila kutajwa kwenye *milnaa* ni yule anayekutana, sawa na Kiswahili. Kitumie, ila ukumbuke kwamba kitenzi-jina si timilifu. Humo ndani *ne* isingekuwapo kamwe. Kwa hiyo kinakuambia mtenda ni kiima katika upande usio na mgawanyiko, ambao hukuwa na shaka nao. Nimeona tasnifu zikikipa kipimo hiki nafasi ya kwanza kama ushahidi wa sentensi zenye *ne*. Si ushahidi huo.

Sita, mpime mhusika mwenye *ko* anayehisi

Baada ya *ne* watu hupumua, lakini kazi ngumu ndiyo inaanza. Kihindi kina sentensi nyingi ambazo anayependa, anayekumbuka, anayeona njaa hubeba *ko*, na kile kinachopendwa au kukumbukwa ndicho kinachopatana na kitenzi. Chukua hii:

Ghar jaakar Raam ko apnii maan yaad aaii. (Alipofika nyumbani Ram alimkumbuka mama yake.)

Ichambue polepole. *Aaii* ni ya kike, kwa sababu ya *maan*, mama. Mama hana alama. Kwa alama zote mama angekuwa kiima. Lakini nani alikwenda nyumbani? Ram. *Apnii* ni ya nani? Ya Ram. Vipimo vyote viwili tulivyovikagua vinampa Ram, mwenye *ko*.

Je, tumwite kiima na kufunga daftari? Subiri uone hii:

Raam sab ko pasand aanaa chaahtaa hai. (Ram anataka apendwe na wote.)

*Pasand aanaa* ni "kupendeza". Wote ndio wanaopenda, nao wana *ko*. Ram, aliyeachwa bila kutajwa katika kitenzi-jina, ni yule anayependwa, si yule anayependa. Kipimo cha kitenzi-jina kimempa ushindi mhusika asiye na alama, ilhali *apnaa* na *-kar* zilimpa mhusika mwenye *ko*.

Hapa mpimaji asiye na subira hutafuta kipimo cha nne kivunje sare. Usifanye hivyo. Hii si kura. Umegundua kwamba katika aina hii ya sentensi tabia za kiima zimegawanywa kati ya wahusika wawili, na mgawanyo huo wenyewe ndio matokeo yako. Ukimlinganisha na mwenye *ne* utaona tofauti kubwa: mwenye *ne* ana tabia zote na amekosa upatanisho tu; mwenye *ko* anayehisi ana baadhi ya tabia na amekosa nyingine. Kuwaweka wote wawili chini ya jina "kiima chenye alama" bila maelezo ni kuficha tofauti hiyo.

Pia usimpe ukiima kila mwenye *ko*. Mohan aliyepewa kitabu ana *ko*, mtoto aliyebebwa na Sita ana *ko*, na hakuna kati yao anayeongoza *apnaa*. Alama moja, kazi tatu.

Saba, angalia lugha ambayo vipimo vinageuka

Ukiishia Kihindi unaweza kudhani kwamba vipimo vya tabia humpa mtenda siku zote. Kidirbali kinakukatalia. Utafiti wa R. M. W. Dixon, ulioanza mwaka 1963 miongoni mwa wazee wa huko, ndio uliofanya lugha hii ijulikane. Herufi ŋ ni ng' yetu ya ng'ombe. *Ŋuma* ni baba, *yabu* ni mama, na -ŋgu ni alama ya mtenda.

ŋuma banaganyu (baba alirudi)
ŋuma yabuŋgu buran (mama alimwona baba)

Mhusika pekee na mtendwa wako tupu, mtenda ana -ŋgu. Sasa unganisha:

ŋuma banaganyu yabuŋgu buran

Maana yake ni "baba alirudi, mama akamwona". Anayeachwa bila kutajwa katika kishazi cha pili ni baba, naye ni mtendwa. Pengo linaunganisha mhusika pekee na mtendwa. Na ukitaka kusema "baba alirudi akamwona mama" huwezi kumwacha mtenda hivihivi. Lazima kitenzi kibadilishwe:

ŋuma banaganyu buralŋanyu yabugu

Kiambishi -ŋa- kimemshusha mama hadi kwenye alama -gu, na baba, ingawa ndiye anayeona, sasa ni mhusika tupu anayeweza kubeba pengo. Ni kama kauli yetu ya kutendwa iliyogeuzwa: sisi tunamkweza mtendwa ili afike kwenye kiima, Kidirbali humteremsha mtendwa ili mtenda ndiye afike mahali pa heshima. Ukiona lugha ina kauli ya namna hii na inalazimisha itumike katika kuunganisha, hiyo ni dalili kubwa kwamba ergativu yake imeingia katika tabia, si katika alama tu. Kauli ikiwepo lakini ikawa ya hiari, bado hujathibitisha kitu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Viwakilishi vya nafsi ya kwanza na ya pili katika Kidirbali havina ergativu ya alama. Vinafanya kama vyetu: *ŋana* ni "sisi" mtenda au mhusika pekee, na *ŋanana* ni "sisi" mtendwa. Kama tabia zingefuata alama, viwakilishi vingeunganisha kwa mtindo wa Kiswahili. Lakini:

ŋana banaganyu nyurra buran

Ni "tulirudi, nanyi mkatuona". *Nyurra*, "ninyi", ni mtenda. "Sisi" tumeachwa bila kutajwa, na sisi ni watendwa. Alama zinasema hivi, tabia inasema vile. Katika Kihindi alama zilikuwa za ergativu na tabia haikuwa. Hapa alama si za ergativu na tabia ni ya ergativu. Baada ya mfano huu hakuna mtu anayepaswa kutoa hukumu ya kiima kwa kutazama alama.

Nane, unapoihamishia kazi kwenye lugha ya jirani

Wasomaji wa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar hawahitaji kwenda Australia. Kigujarati kinazungumzwa madukani na majumbani. Nacho kina mgawanyiko wa hali timilifu: *Raame chopdii vaanchii*, "Ram alisoma kitabu", ambapo -e ya *Raame* ni alama ya mtenda na kitenzi kinafuata *chopdii*, kitabu, neno la kike.

Lakini usibebe hitimisho la Kihindi ukalibandika huko. Katika Kigujarati *-ne* ni alama ya mtendwa na ya anayepewa, si ya mtenda. Sauti ni ileile, kazi ni kinyume. Pili, kitenzi cha Kigujarati katika hali timilifu hupatana na mtendwa hata akiwa na alama hiyo, jambo ambalo Kihindi kinalikataa katakata. Ile sentensi ya Sita na mtoto wa kike, iliyotuonyesha kwamba upatanisho wa Kihindi unakimbia alama, ingetoa jibu tofauti. Kwa hiyo hatua ya pili, kuchora alama, unaianza upya kutoka sifuri, hata kama lugha mbili ni ndugu. Hatua ya tatu pia: tafuta maneno ya lugha hiyo yanayofanya kazi ya *apnaa* na *-kar*, uyakague kwa mtu aliyeanguka na aliyeteleza kabla ya kuyakabidhi mtenda.

Unapoandika matokeo, panga safu kwa kila kipimo na mstari kwa kila aina ya sentensi: isiyo timilifu, timilifu yenye mtendwa tupu, timilifu yenye mtendwa mwenye alama, na ile ya mwenye kuhisi. Katika kila kisanduku andika nani alishinda, pamoja na namba ya sentensi iliyompa ushindi na jibu la swali la pili, lile la "inawezekana pia ni mwingine?" Neno "kiima" liache hadi visanduku vijae. Mahali ambapo mstari mzima umekwenda kwa mhusika mmoja, litumie bila woga. Mahali ambapo umegawanyika, kama ule wa *yaad aanaa* na *pasand aanaa*, taja ni tabia ipi iko kwa nani, na usiweke jina.